Naomba ushauri: namba ya VAT ya Italia ni hai, lakini jina silo

Habari zenu wakuu. Sisi ni kikundi cha wakulima wa zabibu Hombolo, hapa Dodoma, na tunataka kuagiza mashine ya kukamulia kutoka Italia. Muuzaji ametuma proforma yenye namba ya VAT inayoanza na IT, kisha tarakimu 11. Anataka asilimia 40 kabla ya kusafirisha.

Nikaingia VIES, mfumo wa Umoja wa Ulaya, nikachagua Italia, nikaandika zile tarakimu. Namba ni hai. Ila chini yake likatokea jina la kampuni nyingine kabisa, na mji mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa VIES inathibitisha namba, si mtu aliyeiandika kwenye karatasi. Angekuwa Mjerumani (DE na tarakimu 9) nisingegundua, maana Ujerumani haionyeshi jina, inajibu hai au si hai basi.

Nilipomuuliza, akasema hiyo ni namba ya kundi la kampuni zao. Italia inaruhusu kundi kutumia namba moja, kwa hiyo siwezi kumwita mwongo. Kinachoninyima usingizi ni akaunti ya benki: IBAN inaanza na LT, yaani Lithuania.

Nimefikiria kumdai visura, ile hati ya usajili ya chemba ya biashara ya Italia, au niitafute mwenyewe simu ya kampuni iliyotokea VIES na kuwauliza kama wanamfahamu. Aliyewahi kupitia haya, nianze na lipi? Hela ni za wanachama 23, na anataka malipo Ijumaa.