Kikumbusho cha "siku 21 kabla" kimetulaza usingizi, na cheti kimekufa mikononi mwetu

Mleta uzi

Wakuu, habari za leo. Ninaandika nikiwa na hasira, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu nimechoka kuulizwa "hamkukumbushwa?" ilhali tatizo lenyewe ni kwamba tulikumbushwa mno.

Tunatunza vyeti 14 vya TLS. Zamani vyote vilikuwa vya siku 90, na chombo chetu cha kuhuisha kilikuwa kinaanza kazi cheti kikibakiza siku 30. Aliyeweka mfumo wa vikumbusho, ambaye sasa hayupo nasi, alichagua siku 21, na kwa wakati ule alichagua vizuri: ukipata barua pepe ya siku 21, maana yake chombo kimejaribu kwa siku tisa na kimeshindwa, kwa hiyo inuka ukatazame. Mwaka mzima tulipata barua mbili tu, na zote mbili zilikuwa na sababu.

Kisha tukahamia vyeti vya siku 45. Chombo, kwa busara yake, sasa kinahuisha theluthi moja ya umri wa cheti inapobaki, yaani siku 15. Kikumbusho hakuna aliyekigusa, kikabaki kwenye 21. Hebu pigeni hesabu. Kila cheti, kikiwa kizima kabisa, kinaanza kulalamika siku ya 21, kinatuma barua kila asubuhi kwa siku sita, kisha kinahuishwa na kunyamaza chenyewe. Kwa vyeti 14 hizo ni barua 84 katika kila mzunguko wa siku 30, na hata moja haina habari. Baada ya miezi miwili kila mmoja wetu alikuwa amejifunza jibu lilelile: "Iache, itanyamaza." Mwenzetu mmoja akatengeneza kichujio cha kuzipeleka kwenye folda ya pembeni, nasi tukamshukuru.

Wiki mbili na siku moja kabla ya msiba, mtu wa usalama alifunga poti 80 kwa hoja kwamba kila mtu anatumia 443. Uhakiki wetu wa kikoa unapita poti 80. Chombo kilijaribu mara mbili kwa siku, kikashindwa mara 30, na kila kushindwa kukaandikwa kwenye kumbukumbu ambazo hakuna anayezifungua. Barua nazo ziliendelea: siku 15, siku 14, siku 13, kwa maneno yaleyale na kichwa kilekile, ila tarakimu tu ndiyo iliyobadilika. Jumamosi saa nne usiku wateja wakaanza kuona NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Nilipofungua ile folda nilikuta barua 15 za kweli zimelala juu ya mamia ya barua za uongo, na kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Ninachouliza ni hiki: kwa nini bado tunauziwa mifumo ya uangalizi ambayo haijui kitu kingine isipokuwa namba moja ya siku, ile ile kwa cheti cha mwaka na cha wiki?

Kitasa

Pole sana, mkuu. Mimi ningeweka siku 60 ili nipate nafasi ya kutosha. Au nunueni vyeti vya mwaka mzima, mjikumbushe mara moja, mambo yaishe.

Zamu_ya_Usiku

Ndugu Kitasa, umegusa jambo moja la kweli, kwamba umri mrefu hupunguza idadi ya mahuisho, lakini mlango huo unafungwa. Kwa vyeti vinavyoaminiwa na vivinjari, umri wa juu ulikuwa siku 398 tangu Septemba 2020. Kwa vinavyotolewa kuanzia tarehe 15 Machi 2026 ni siku 200, kuanzia Machi 2027 ni 100, na kuanzia Machi 2029 ni 47. Siku 60 kwa cheti cha siku 47 maana yake kikumbusho kinalia tangu dakika ya kwanza ya uhai wa cheti.

Mleta uzi, kosa haliko kwenye 21. Kosa ni kupima kutoka mwisho wa cheti badala ya kupima kutoka siku ambayo kilipaswa kuwa kimehuishwa. Kama chombo kinahuisha ikibaki theluthi, basi mpigie kelele binadamu ikibaki robo: kwa cheti cha siku 90 ni kama siku 22, ambayo inakaribia sana namba yenu ya zamani, na kwa cha siku 45 ni siku 11. Kabla ya hapo ukimya ni halali, na baada ya hapo kila barua ina maana. Ili kupata umri wa cheti soma tarehe zote mbili, ya kuanza na ya kuisha, na uzisome kutoka kwa seva inayojibu wateja, wala si kutoka kwenye faili:

```
echo | openssl s_client -connect mfano.test:443 \
  -servername mfano.test 2>/dev/null |
  openssl x509 -noout -dates
```

Nasisitiza hilo la seva kwa sababu nimeshaumwa na nyoka huyo: faili lilikuwa limehuishwa, kikumbusho kikasoma faili na kuridhika, kumbe seva haikupakia upya na ilikuwa bado inatoa cheti cha zamani.

Bi_Hesabu

Mimi nina leseni ya taaluma, na yaliyonikuta ni kinyume chake. Nilikumbushwa siku 30 kabla, barua moja tu, ya heshima, lakini kuthibitisha saa za mafunzo pekee kulichukua wiki sita. Nilikaa bila leseni kwa muda wote uliozidi. Je, robo ya umri wa leseni ya miaka miwili si miezi sita? Nayo si mingi mno?

Mleta uzi

Dada, kwako robo haifai, kwa sababu hakuna mashine inayokuhuishia. Kazi ni yako. Nadhani ungehesabu kinyumenyume: wiki sita za uthibitisho, wiki mbili za karatasi kurudishwa kwa kosa dogo, halafu ndipo uweke kikumbusho. Namba yako inatokana na urefu wa shughuli, yangu inatokana na ratiba ya mashine, na wote wawili tumepewa namba iliyotokana na mazoea ya mtu mwingine.

Zamu_ya_Usiku, nimebadilisha leo kuwa robo, nimefuta kile kichujio, na poti 80 imefunguliwa kwa ajili ya uhakiki tu. Barua iliyokuja asubuhi ni moja, na ni ya kweli: seva moja haikupakia upya, kama ulivyosema. Lakini nina swali linalonikera. Kuna mpango wa kujaribu vyeti vya siku sita. Robo yake ni saa 36. Kikianza kulia Ijumaa jioni, kitakufa kabla ya mtu yeyote kufika kazini Jumatatu.

Zamu_ya_Usiku

Hapo barua pepe haifai tena, ni simu ya zamu. Na kama hamna zamu ya wikendi, mimi nisingeruhusu vyeti hivyo viguse seva zinazohudumia wateja.

Kitasa

Mimi bado nasema siku 60.