Laptopu mbili na pawabanki kubwa: zote kabini, au moja iende begi la chini?

Mtoto wa Tanga: Wakuu, wiki ijayo napanda Dar–Dubai–Frankfurt kwa Emirates. Nina laptopu ya kazi, ya pili kuukuu nampelekea mdogo wangu, na pawabanki ya 30,000 mAh. Begi la mkononi limejaa. Ile kuukuu niitupie begi kubwa?

Chuma Chakavu: Betri yoyote hairuhusiwi chini. Beba zote mkononi.

Fundi Seti: Si kweli yote, Chuma. Betri ya akiba na pawabanki ndizo haziendi chini kabisa. Laptopu yenye betri yake ndani inakubalika, ila uizime kabisa, si kufunga kifuniko tu ikalala, na uikinge isigongwe wala kujiwasha. Mimi bado ningeibeba kabini: betri ikianza kutoa moshi, mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Kule chini nani ataiona?

Tatizo lako ni pawabanki. Zidisha 30,000 kwa volti 3.7 za betri, gawa kwa 1,000: wati-saa, yaani Wh, 111. Kikomo cha kawaida ni Wh 100. Kutoka hapo hadi 160 unaomba kibali cha shirika. Ila Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu, chini ya Wh 100, na huitumii angani. Iache nyumbani. Ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Hakikisha maandishi ubavuni hayajafutika.

Mama Zuhura: Hilo la maandishi limenikuta, mwanangu. Yangu ilikuwa ndogo tu, lakini namba zimefutika kwa kukaa kwenye pochi. Kaunta wakaichukua, nikabaki nabishana na foleni nyuma yangu.

Chuma Chakavu: Haya, nimekosea. Soketi je? Nunua kibadilisha umeme, Ujerumani volti ni tofauti.

Fundi Seti: Hapana, kule ni 230 kama kwetu. Soma chaja: ikiandikwa `INPUT 100-240V`, hata Marekani inafanya kazi. Kinachogoma ni plagi yetu ya pini tatu bapa. Kwao ni pini mbili za duara. Badala ya adapta, ningenunua waya tu, ule unaochomoka kwenye tofali la chaja. Adapta za bei poa nyingi hazina ethi, ukigusa laptopu ya bati unahisi mkono unawashwa.

Mtoto wa Tanga: Na forodha, laptopu mbili hawataniuliza?

Mama Zuhura: Mimi waliniuliza mchele.

Fundi Seti: Ya kazi ni kifaa chako, unarudi nayo. Ya mdogo wako ni zawadi inayobaki. Kwa anayeingia Ulaya kwa ndege, vitu vya kubaki vina msamaha hadi yuro 430. Kuukuu haifiki huko, ila usiiweke kwenye boksi jipya. Na risiti ya ile ya kazi ipige picha kabla hujaondoka, wasije wakakutoza Dar ukirudi.

Mtoto wa Tanga: Risiti sina, niliinunua mtumba Kariakoo.

Chuma Chakavu: Ipige picha namba iliyoandikwa chini yake, labda watakuelewa.