Damu ya mzee au shaba? Ngozi maji ya kunde

MamaZuu: Wapendwa, Jumamosi napaka rangi nywele, nimekwama kati ya damu ya mzee na kahawia ya shaba. Nataka uso uchangamke, maana hata nikilala vizuri naulizwa kama naumwa. Mimi ni maji ya kunde. Ipi?

Kijukuu: Maji ya kunde peke yake haitoshi dada. Ngozi inavuta kwenye dhahabu au kwenye waridi? Na nywele zina rangi gani sasa hivi?

Shebi: Tazama mishipa ya mkononi, kijani ni toni ya joto, bluu ni baridi. Basi.

BiMsusi: Shebi, mishipa ni dalili tu, na kwenye ngozi iliyokolea wala haionekani vizuri. MamaZuu, nawa uso, simama dirishani mchana, weka kidevuni kitambaa cheupe pe halafu cha krimu, uangalie chini ya macho na pembeni mwa mdomo.

MamaZuu: Nimejaribu. Kile cheupe kimenionyesha weusi kuzunguka mdomo, cha krimu uso umetulia. Nywele hazina dawa ila zina nyeusi ya boksi.

BiMsusi: Basi una toni ya joto, shaba itakupendeza. Damu ya mzee nyingi zina uzambarau ndani, zitauamsha huo weusi wa mdomoni. Ila hiyo nyeusi ndo kikwazo, rangi haing'oi rangi. Ukipaka shaba juu yake, mizizi iliyoota itashika na kuwaka, huku chini kukibaki kweusi vilevile. Inabidi nyeusi itolewe kwanza, au upaushe vinywele vichache tu vya mbele vinavyogusa uso.

Nuru_K: Yani hapo kwenye toni msichukulie poa jamani. Mimi ngozi yangu ya dhahabu, saluni moja wakaniwekea kahawia ya majivu wakisema ndo inatrend, chini ya taa zao nimependeza, nimetoka nje juani uso umekuwa wa kijivu kama nimepakwa vumbi, midomo imepauka, nikawa siondoki bila blasha. Baadaye msusi mwingine akapitisha rangi ya asali juu bila kupausha tena, sura ikarudi siku hiyohiyo.

Shebi: Si apake hina tu?

BiMsusi: Hina haipunguzi weusi, utaona wekundu kidogo juani tu.

Kijukuu: Mi nabisha kuhusu damu ya mzee. Nina toni ya joto, navaa ile inayoelemea kahawia na inanikaa vizuri sana.

BiMsusi: Inayoelemea kahawia sawa, sikatai. MamaZuu, tafuta rasta za rangi zote mbili uzishike pembeni mwa uso, dirishani palepale.

MamaZuu: Sawa nitazitafuta. Na kama nikipausha hivyo vya mbele, nyusi niziache nyeusi?

Nuru_K: Ziache.

Kijukuu: Zilainishe kidogo, zitakuwa kali mno.