Naomba ushauri: maelezo ya mauzo ya mubashara ya masweta, Mwanjelwa

Ndugu wanachama, ninauza masweta ya mtumba hapa Mbeya, na kabla ya mauzo ya mubashara ya Jumamosi naomba mnipitie maelezo haya:

“Sweta la M, kifua sentimita 100, ni shilingi 12,000, la L, sentimita 110, ni 15,000. Taja namba ya sweta, subiri nithibitishe kuwa ni lako, kisha lipa ndani ya dakika 30 na unitumie ujumbe wa muamala. Iringa na Njombe mzigo unasafiri kwa basi, nauli ni ya mteja.”

Nimeandika sentimita kwa sababu lebo za mtumba hazilingani. Kwenye video nitalilaza sweta, nipime kwapa hadi kwapa, nizidishe mara mbili. Je, dakika 30 zikipita bila malipo, sweta nimpe anayefuata papo hapo, au nimkumbushe kwanza wa awali?