Siku nne za kazi zimepotea na mtu wa kompyuta ananiambia "hukuhifadhi". NILIHIFADHI!

bei_na_vipimo:

Jamani, nimechoka na nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Ninafanya kazi Upper Hill, ofisi ya makadirio ya ujenzi. Jumatatu bosi alinitumia kwa barua pepe orodha ya vipimo vya nyumba za Ruaka, mistari 412, nijaze bei. Tenda inafungwa Jumanne hii saa tano asubuhi. Nikabofya kiambatisho mara mbili kwenye programu ya barua pepe, Excel ikafunguka, nikabonyeza Enable Editing nikaanza. Simenti, nondo, mbao, kokoto, kila bei nimeipigia simu dukani. Laptopu siizimi, nafunga kifuniko tu naenda kupanda matatu, asubuhi naendelea nilipoachia. Kila baada ya nusu saa nilikuwa nabonyeza Save. Nasema tena, kila nusu saa.

Alhamisi jioni nikamaliza, nikafunga kila kitu. Ijumaa asubuhi nafungua kiambatisho nimtumie bosi: safu ya bei tupu! Nyeupe kama siku ya kwanza!

Nikamwita mtu wa kompyuta wa ofisi. Akachungulia Downloads, akachungulia Documents, hata hakuketi. "Hukuhifadhi. Anza upya." Akaenda zake kunywa chai. Bosi akamwamini yeye. Nimeanza upya, jana nimefika mstari wa 90 saa mbili usiku, mtoto wangu amelala bila kuniona. Mtu asije kuniambia sikuhifadhi. Faili iliyohifadhiwa inaendaje kupotea?

kijana_wa_rongai:

Pole dada. Hiyo ni faili iliyofichwa tu. Fungua File Explorer, nenda View, weka alama kwenye Hidden items. Utaiona.

bei_na_vipimo:

Nimeweka alama. Nimeona folda inaitwa AppData ambayo sikuwa nayo, nimezunguka humo dakika ishirini. Hakuna kitu.

mama_wawili:

Mimi pia hunitokea! Nikipakua risiti ya karo kwa simu siioni, kumbe iko kwa Files, pale penye Download. Angalia hapo mpenzi.

bei_na_vipimo:

Asante mama, lakini hii ni laptopu ya ofisi, si simu.

fundi_wa_juja:

Dada, kabla ya lolote: usiruhusu mtu yeyote "kusafisha" hiyo laptopu. Disk Cleanup na programu za kufuta takataka ndizo zitakazokumalizia kazi yako kweli. Sasa nijibu mawili. Programu ya barua pepe ni Outlook ile ya kusakinishwa kwenye Windows? Na ile Jumatatu, ulipobonyeza Save mara ya kwanza kabisa, kuna dirisha lolote lilikuja?

bei_na_vipimo:

Ndiyo, Outlook, ile ya zamani. Na ndiyo, dirisha lilikuja. Lilisema faili ni ya kusoma tu, niihifadhi kwa jina lingine. Nikaongeza "_bei" mwishoni mwa jina nikabonyeza Save. Sikuangalia ni folda gani. Baada ya hapo halikuuliza tena.

fundi_wa_juja:

Basi ulihifadhi, na huyo mwenzako alikuonea. Sikiliza ilivyo.

Ukibofya kiambatisho mara mbili, Outlook haifungui ile iliyo ndani ya barua. Inatoa nakala na kuiweka kwenye folda yake ya muda, iliyofichwa ndani kabisa, halafu Excel inafungua hiyo nakala. Ndiyo maana barua yenyewe haibadiliki hata ujaze mwaka mzima, na Ijumaa uliona safu tupu. Dirisha la kuhifadhi likija, mara nyingine linakupendekezea folda ileile ambamo nakala imefunguliwa. Ukikubali bila kuangalia, kazi yako inabaki humo.

Kijana wa Rongai amepatia nusu. Folda imefichwa kweli, lakini Windows inaihesabu pia kuwa ya mfumo, kwa hivyo alama ya Hidden items peke yake haitoshi. Usiitafute kwa macho, andika njia yake. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, bandika hii, kisha Enter:

```
%LOCALAPPDATA%\Microsoft\Windows\INetCache\Content.Outlook
```

Ndani utakuta folda yenye jina la ovyo, herufi na tarakimu nane. Fungua, panga kwa tarehe.

Kinachonipa matumaini ni lile jina. Outlook inapofunga hujaribu kufuta nakala ilizozitoa yenyewe, kwa majina iliyozipa. Faili yenye "_bei" haikuiweka yenyewe, uliiweka wewe.

Ikikataa kufunguka, uliza kompyuta yenyewe folda iko wapi. Fungua Command Prompt uandike:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Security" /v OutlookSecureTempFolder
```

Hiyo 16.0 ni ya Office 2016 na zilizofuata. Kwa ya 2013 weka 15.0.

kijana_wa_rongai:

Kumbe. Lakini si angeiona tu kwenye Excel, File, Open, Recent?

fundi_wa_juja:

Ushauri mzuri huo. Kwenye Recent, bofya jina kwa kitufe cha kulia na unakili njia, itakuonyesha ilihifadhiwa wapi. Orodha ile hukumbuka jina hata kama faili imeshafutwa, kwa hivyo kuliona jina si kuipata faili.

bei_na_vipimo:

IPO! IPO JAMANI! BQ_Ruaka_bei.xlsx, Alhamisi saa kumi na moja na dakika 38 jioni! Nimefungua, mistari yote 412, hata bei ya vigae niliyobadilisha mwisho ipo. Nimelia hapa peke yangu.

fundi_wa_juja:

Usiendelee kuifanyia kazi humo ndani. Ifunge, inakili uiweke Documents, ufungue ile ya Documents. Na kuanzia leo bofya kiambatisho kwa kitufe cha kulia, Save As, chagua folda mwenyewe, ndipo ufungue.

mhasibu_mchovu:

Samahani kuingilia. Mimi nilijaza fomu ya PDF kutoka kwa Outlook hiyohiyo, nikahifadhi kwa jina lilelile, sikubadilisha. Nimeangalia folda hiyo, haimo. Imeenda?

fundi_wa_juja:

Jina lilelile ndilo tatizo, hiyo Outlook inaijua na huenda imeifuta ilipofunga. Ilifungwa vizuri au stima ilipotea?

mhasibu_mchovu:

Niliifunga mwenyewe, kama kawaida.

fundi_wa_juja:

Hapo sikuahidi kitu. Stima ingepotea ghafla, Outlook ingekosa nafasi ya kufuta na ungeikuta. Jaribu Recent ya programu yako ya PDF, labda ilihifadhi kwingine.

bei_na_vipimo:

Bosi nimemtumia faili. Jumatatu naingia ofisini na picha ya skrini yenye tarehe na saa, naiweka mezani kwa huyo wa kompyuta mbele ya bosi. Siku moja na nusu nimeandika bei upya kwa sababu mtu hakutaka kuketi dakika tano. Nataka aseme "ulihifadhi", kwa sauti.

mama_wawili:

Mwambie akuombe msamaha na mtoto pia!