Saa haishiki Wi-Fi ya nyumbani wala hotspoti, huwa inahamia Wi-Fi wakati gani?

Kipepeo_Mweusi:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada. Nina saa ya Wear OS, ile ya kawaida isiyotumia laini. Nimeipa pasiwedi ya Wi-Fi ya nyumbani na ikakubali, ila kila nikiangalia inaniandikia haijaunganishwa wakati ruta ipo hapo hapo na simu iko mezani. Nikaona labda shida ni ruta, nikawasha hotspoti kwenye simu ile ile, saa haiioni kabisa. Ninachotaka ni kuacha simu chumbani kwenye chaji nikawa nje bustanini, meseji ziendelee kuingia kwenye saa. Nakosea wapi?

Juma_Nyaya:
Hiyo ni 5 GHz tu mkuu. Saa nyingi zinashika 2.4 GHz peke yake, ingia kwenye ruta utenganishe majina ya Wi-Fi, moja ya 2.4 na moja ya 5, saa uipe ile ya 2.4. Umemaliza.

Bi_Mrembo88:
Yangu hata hiyo menyu ya Wi-Fi haina jamani, nimetafuta setingi zote. Au nimeuziwa feki?

fundi_kimya:
Bi Mrembo saa yako si lazima iwe feki, kuna saa nyingi zina Bluetooth tu basi, hizo simu ikiwa mbali hazipati kitu.

Kipepeo, Juma amepatia kwenye hotspoti, nitarudi hapo, ila kwenye Wi-Fi ya nyumbani saa yako ilishakubali pasiwedi kwa hiyo mtandao inauona. Hiyo haijaharibika. Saa ikiwa karibu na simu inapita Bluetooth, na Wi-Fi inaizima yenyewe maana inakula betri sana, ndiyo maana unasoma haijaunganishwa wakati simu iko mezani. Ukitaka kuhakikisha, zima Bluetooth kwenye SIMU, usiguse saa, subiri dakika moja mbili hivi halafu angalia menyu ya Wi-Fi ya saa. Ikiandika jina la ruta yako uko sawa.

Sasa hiyo hotspoti, simu ikiwa karibu kiasi cha kukupa hotspoti basi Bluetooth nayo ipo na saa tayari inatumia intaneti ya simu kupitia hapo, kwa hiyo hotspoti ya simu yako mwenyewe haikusaidii kitu. Inafaa tu ikiwa ni ya simu ya mtu mwingine na yako umeiacha nyumbani. Hapo ndipo ushauri wa Juma unaingia, kwenye Android ingia setingi za hotspoti uchague 2.4 GHz, na kwa aiphone 12 kuja juu washa Maximize Compatibility, la sivyo saa inaweza isiione kabisa.

Na jambo ambalo wengi linawapita: meseji hazitoki kwenye ruta kuja kwenye saa, zinaingia kwenye simu kwanza ndipo simu inazituma kwa intaneti hadi kwenye saa. Simu ikizimwa, au data na Wi-Fi yake zikikatika, saa itaonyesha Wi-Fi vizuri tu na meseji hazitaingia. Kwenye Galaxy Watch angalia pia Remote connection iwe imewashwa.

Kipepeo_Mweusi:
Aisee asante sana kaka, nimezima Bluetooth kwenye simu, baada ya muda kidogo jina la ruta likatokea na meseji ya majaribio ikaingia. Hotspoti nimejaribu ya dada yangu ilikuwa 5 GHz, tumeibadilisha ikaonekana hapo hapo. Ila nikiwa pale mlangoni kuelekea bustanini saa inakaa kimya muda mrefu halafu meseji zinaingia kwa mkupuo.

fundi_kimya:
Hapo uko pembeni mwa Bluetooth. Mahali pa wazi inafika kama mita 10, kuta zinapunguza. Saa inang'ang'ania Bluetooth dhaifu, inakatika inarudi, na kila ikirudi Wi-Fi haipati nafasi ya kukaa. Ukisogea mbali kabisa inatulia. Sogeza simu upande wa mlango au iweke chumba cha mbali zaidi, mojawapo.

Nuru_ya_Asubuhi:
Mimi natumia Apple Watch, mitandao niliyoingia kwenye simu inaipata yenyewe. Ila nikizima Bluetooth pale Control Center ya simu saa bado inaonyesha kisimu cha kijani, mbona?

fundi_kimya:
Ile ya Control Center haikati Apple Watch, izime ndani ya Settings, utaona alama ya Wi-Fi ya bluu.

Juma_Nyaya:
Bado nasema tenganisha majina, mimi yangu ilikataa hadi nilipofanya hivyo.

Kipepeo_Mweusi:
Nimesogeza simu, imepungua ila bado inasita kidogo. Kuna aliyepata namna ya kuilazimisha ibadilishe mapema bila kuzima Bluetooth?