Tupeane uzoefu: barua pepe ya shukrani baada ya usaili, uliandika nini ukajibiwaje?

Mtu wa Bangwe
Wakuu, heshima kwenu. Jana Jumatano nilikuwa Kasulu kwenye usaili wa mtunza stoo, shirika moja linalohudumia wakimbizi. Wakati wa kurudi Kigoma, dada niliyekaa naye kwenye gari akaniuliza, "Utawaandikia kuwashukuru?" Nikanyamaza, maana kuna jambo lilinipata.

Miaka michache nyuma nilifanya saili mbili ndani ya wiki moja. Ya kwanza nikaandika shukrani nzuri tu. Ya pili, kwa uchovu, nikaichukua ileile na kubadilisha salamu ya juu. Katikati nikaacha "nitafurahi kufanya kazi na..." likifuatiwa na jina la lile shirika la kwanza. Niligundua usiku, nikiisoma kwa mara ya tatu kitandani. Nikatuma ya kuomba radhi, nayo ikawa ndefu kuliko ile ya kwanza. Sikujibiwa hata moja. Tangu hapo kila nikitoka kwenye usaili nakaa kimya. Wenzangu mnafanyaje?

Reli ya Kati
Yalinikuta Tabora, hivyohivyo, jina la ofisi nyingine. Pole ndugu yangu.

Ziwa Kubwa
Mimi nasema tuma, tena ndani ya saa moja, kwa kila mjumbe wa jopo. Wakiwa watano, tuma tano. Wakuone una haraka na kazi.

Mama wa Gungu
Ziwa Kubwa, kutuma umesema sawa, ila hapo kwingine sikubaliani nawe. Nimekaa ofisi za utumishi za mashirika hapa Kigoma miaka kumi na moja. Barua tano zinazofanana zikifika kwa watu watano waliokaa meza moja, mchana huohuo wanaonyeshana. Halafu anwani za wajumbe umezipata wapi kama hawakukupa? Mwandikie yule aliyekuita kwenye usaili, umwombe awafikishie wenzake. Bonyeza "jibu" kwenye ileile barua pepe ya mwaliko, ili kichwa kibaki na jina la nafasi na akusome bila kutafuta wewe ni nani. Kama mwaliko ulitoka kwenye anwani yenye "noreply", usihangaike, hakuna anayeisoma.

Muda mzuri ni jioni ileile au kesho yake asubuhi. Jopo likishajumlisha alama na kuandika taarifa yake, shukrani haina pa kuingia.

Na tusidanganyane: alama hazibadiliki kwa sababu umeshukuru. Inasaidia pale wawili mnapokaribiana na mkuu wa ofisi anauliza nani alionyesha kuielewa kazi.

Mnyamwezi wa Isevya
Naomba kuuliza, barua ya maombi ya kazi ya ualimu inaanzaje? Natuma kwa Sekretarieti ya Ajira.

Reli ya Kati
Kaka, hapa tunaongelea baada ya usaili. Fungua uzi wako, tutakuja kukusaidia.

Mama wa Gungu
Ila umenikumbusha jambo, mwanangu. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira hauna haja ya barua ya shukrani. Majibu wanayatoa kwenye mfumo wao na tovuti yao. Ukimtafuta msaili pembeni unaweza kueleweka kuwa unaomba upendeleo.

Mlezi wa Mihogo
Hilo la kueleweka vibaya nilieleze mimi, maana lilininyima kazi.

Nilisailiwa nafasi ya karani. Yule mama aliyeongoza jopo alinitendea wema sana: nilipokwama kwenye swali akanipa maji na kunipa muda. Nikarudi nyumbani nikamsimulia bibi yangu. Bibi akasema mtu wa hivyo hashukuriwi kwa maneno matupu. Nikaenda Kibirizi alfajiri, nikanunua dagaa waliokauka vizuri, kilo mbili, nikaongeza chupa ya mawese. Nikapeleka ofisini kwao, nikamwachia mlinzi na karatasi yenye jina langu na neno asante.

Saa sita nikapigiwa simu nirudi. Ule mzigo ulikuwa mezani, pembeni yuko mtu wa fedha na mtu wa utumishi. Yule mama hakuniangalia usoni. Nikasainishwa karatasi kwamba nimerudishiwa vitu vyangu, nikaambiwa jina langu limetolewa. Nilitembea hadi Mwanga na ule mfuko mkononi, nalia. Sikuwa nahonga mtu wakuu, nilikuwa nashukuru.

Reli ya Kati
Dah! Pole sana dada. Bibi alikulea vema.

Ziwa Kubwa
Walikuonea. Dagaa kilo mbili ni rushwa?

Mama wa Gungu
Hawakumwonea, ingawa roho inaniuma. Uamuzi ulikuwa bado haujatoka. Yule mama angebeba ule mzigo, kesho aliyekosa angesema kazi imeuzwa, na yeye angepoteza yake.

Ziwa Kubwa
Ofisi zimekuwa ngumu kuliko utu.

Mama wa Gungu
Tutabaki tunatofautiana hapo. Turudi kwa Mtu wa Bangwe: kuna swali gani jana lilikugusa? Chagua moja tu.

Mtu wa Bangwe
Shikamoo mama. Waliniuliza napangaje utoaji wa mizigo. Nikajibu kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Mama mmoja akasema, je, unga wa lishe ulioingia mwezi huu ukiwa unaisha muda kabla ya ule wa mwezi uliopita? Nikaona kosa langu, lakini muda ukawa umeisha.

Mama wa Gungu
Marahaba. Hapo ndipo pa kuandika. Sentensi mbili, usianze kujitetea. Mengine uliyojibu vibaya yaache. Usiambatishe vyeti tena, mshahara usiutaje.

Mtu wa Bangwe
Nimejaribu hivi:

"Ndugu Afisa Rasilimali Watu,

Asante kwa usaili wa nafasi ya mtunza stoo, jana Jumatano. Naomba uwafikishie wajumbe wa jopo shukrani zangu.

Nimelifikiria swali la unga wa lishe. Mzigo unaokaribia kuisha muda ndio unaopaswa kutoka kwanza, hata kama umeingia mwisho, hivyo tarehe ya kuisha muda iandikwe kwenye kadi ya stoo siku ya kupokea.

Mlisema majibu yatatoka Ijumaa ijayo. Mkihitaji kuzungumza na wadhamini wangu kabla ya hapo, wako tayari. Kama sitakuwa nimepata taarifa, naomba niulize kwa barua pepe Jumatatu inayofuata.

Wako,"

halafu jina na simu.

Mama wa Gungu
Nzuri. Umewaachia tarehe yao wenyewe, hujawasukuma. Ila hakikisha wadhamini umewaambia kweli, kabla hujatuma.

Ziwa Kubwa
Usaili ulikuwa Kiingereza au Kiswahili? Mashirika hayo andika Kiingereza, wakuone msomi.

Reli ya Kati
Aandike lugha waliyomwandikia kwenye mwaliko.

Mtu wa Bangwe
Mwaliko ulikuwa wa Kiswahili. Nimewapigia wadhamini, mmoja kapokea, wa pili yuko ziwani hapatikani. Nimebadilisha nikaandika "mdhamini wangu", nikasoma jina la shirika mara nne, nikatuma saa 2:40 asubuhi hii.

Mlezi wa Mihogo
Mungu akujalie kaka. Mama wa Gungu, mimi nina usaili mwingine niliofanya siku tisa zilizopita, sikuandika kitu. Bado naweza?

Ziwa Kubwa
Andika tu dada.

Mama wa Gungu
Ya shukrani imepita, mwanangu. Walikuambia majibu lini?

Mlezi wa Mihogo
Hawakusema, nami sikuuliza.

Mama wa Gungu
Basi andika mistari mitatu ukiuliza mchakato umefika wapi. Na safari hii usipeleke mfuko.